Saa Nane ya Nani?

Mazungumzo ya leo ni juu ya karatasi zinazobandikwa ukutani, nyuma ya mlango wa chumba cha wafanyakazi wa hoteli. Kuna ya zamu, inayosema nani anaingia lini. Kuna na ya vyumba, inayosema chumba kinafanywa namna gani. Mara nyingi zote mbili zimeandikwa kwa Kifaransa, na siku moja mkubwa wa nyumba anamwita kijana mmoja mwenye diploma na kumwambia: haya, tutilie hii katika Kiswahili.

Kijana huyo anafikiri kazi yake ngumu itakuwa kwenye maneno makubwa ya dawa na vyombo. Mimi nasema hapana. Maneno makubwa yanajitangaza: ukikutana na neno usilolijua, unauliza. Yanayoangusha kazi ni maneno madogo ambayo kila mmoja anaamini anayajua: saa, siku, usiku, kesho. Ndiyo nitakaa nayo zaidi leo.

Tuitazame kwanza nyumba yenyewe. Hapa Malemba-Nkulu mgeni anafika kwa barabara kutoka Kamina, barabara ambayo mvua inaifanya iwe kitu kingine kabisa, au anashuka Lualaba kwa chombo kutoka Bukama. Ni wachuuzi wa samaki, watumishi wa Serikali, watu wa chanjo, watu wanaokuja kupambana na kipindupindu. Nyumba za wageni za huku ni ndogo, lakini ndani yake zimejaa lugha. Mama wanaofanya vyumba ni watu wa hapa, lugha yao ni Kiluba. Mpishi anaweza kuwa ametoka Kasai, akasema Tshiluba. Anayeshika hesabu pengine alikulia Kinshasa, na moyo wake uko katika Lingala. Mlinzi anaweza kuwa aliishi miaka mingi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Kigoma. Wote wanakutana katika Kiswahili. Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa hivyo hivyo, katika kambi za Union Minière na kwenye reli, watu wa makabila mengi wakitafuta njia ya kufanya kazi pamoja. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini kila mmoja katika nyumba hiyo analeta Kiswahili chake, na hapo ndipo karatasi ya zamu inapoanza kusema mambo mawili kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba ina vyumba kumi na viwili na zamu tatu kwa siku, au ekipi tatu kama wengi wetu tunavyosema. Karatasi ya Kifaransa inasema ekipi ya pili inaanza saa 14h00. Kijana wetu amesoma vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Dar es Salaam. Anajua kwamba katika Kiswahili sanifu saa inahesabiwa tangu jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni 7h00, saa sita ni adhuhuri, na 14h00 ni saa nane mchana. Anaandika, kwa usahihi kabisa wa kitabu: "Zamu ya pili inaanza saa nane."

Mlinzi wa Kigoma anaisoma na kuelewa sawasawa. Lakini mama wa vyumba, kama wengi wetu hapa Kongo, anahesabu saa kama Wafaransa wanavyohesabu. Kwake saa nane ni 8h00, baada tu ya chai ya asubuhi. Anafika mapema kwa muda wa saa sita nzima, anakuta zamu ya kwanza bado iko kazini, na anaambiwa arudi nyumbani. Igeuze sasa. Karatasi ikiandikwa na mtu wa hapa kwamba maji ya wageni yawe ya moto "saa sita asubuhi", akikusudia 6h00, mtu wa Kigoma atasimama akishangaa, maana kwake saa sita ni adhuhuri au usiku wa manane, na asubuhi haina saa sita.

Hapa hakuna aliyekosea Kiswahili. Hesabu zote mbili ni halali, kila moja kwa watu wake. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka tumlazimishe mama wa vyumba ajifunze saa za pwani ili karatasi iwe "ya Kiswahili safi". Karatasi ya zamu haifundishi lugha. Kazi yake ni kuwafikisha watu watatu mlangoni dakika ile ile. Dawa ni rahisi: saa isiandikwe kwa maneno hata kidogo. Andika kwa tarakimu za saa ishirini na nne, 06h00, 14h00, 22h00, kama zinavyoandikwa katika barua za ofisi na tiketi za nchi yetu na kama zinavyoonekana katika simu iliyowekwa namna hiyo. Bandika saa ya ukutani karibu na karatasi ikiwezekana. Na kama agizo limetoka kwa wakubwa walio Kinshasa, uliza ni saa ya wapi, maana saa ya Kinshasa iko nyuma ya saa ya Haut-Lomami kwa saa moja nzima.

Tukitoka kwenye saa tunaingia kwenye siku, na huko mtego ni mwembamba zaidi. Jumatatu ya kitabu ni siku inayofuata Jumapili. Jina lake limetokana na kuhesabu tangu Jumamosi: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Lakini huku kwetu na kule Kivu kuna wengi wanaohesabu siku kwa kazi. Siku inayofuata Jumapili kwao ni ya kwanza, kazi moja. Siku ya tatu ni ile ambayo kitabu kinaiita Jumatano. Sasa mtu anayesoma polepole, herufi kwa herufi, anakutana na neno lenye "tatu" ndani yake. Anaelekea wapi? Kwenye siku ya tatu, ile anayoijua. Amepangiwa Jumatatu tarehe 9, anajitayarisha kwa tarehe 11.

Na kuna "kesho". Neno hili ni wazi katika Kiswahili, lakini anayelisikia hasikilizi kwa Kiswahili peke yake. Katika Lingala neno moja, lobi, linabeba jana na kesho, na maneno mengine ya sentensi ndiyo yanayoonyesha ni ipi. Katika Tshiluba, makelela nalo linafanya vivyo hivyo. Mtu anayefikiri katika lugha hizo akisoma karatasi fupi isiyo na maneno mengine ya kumsaidia anaweza kuyumba. Zaidi ya hayo, karatasi inayosema "kesho" inaharibika usiku huo huo. Iliyobandikwa siku nne zilizopita bado inasema kesho, na kila anayepita anapata kesho yake.

La usiku ndilo linalonisumbua kuliko yote. Zamu ya tatu inaanza 22h00 na kumalizika 06h00 siku inayofuata. Kijana anaandika: "Zamu ya usiku wa Ijumaa." Kwa watu wengi wa hapa, huo ni usiku unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. Lakini katika desturi ya zamani ya pwani, siku inaanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mzee aliyeishi kati ya Waislamu wa Kigoma au Ujiji anaweza kuja usiku mmoja kabla, au, kibaya zaidi, asije usiku ule mnaomsubiri. Mlango wa hoteli unabaki bila mtu, na mgeni aliyefika amechelewa kwa sababu ya matope ya njia anagonga mpaka anachoka.

Basi tuiandike ile karatasi upya, tuone inakuwaje. Msitari wa zamu ya usiku hautaji usiku wa siku gani. Unasema hivi: "Zamu ya 3. Kuingia: Ijumaa tarehe 13, saa 22h00. Kutoka: Jumamosi tarehe 14, saa 06h00." Tarehe mbili, siku mbili, saa mbili. Jina la siku linabaki, kwa sababu tarehe ikiandikwa vibaya jina litaonyesha kosa, na jina likieleweka vibaya tarehe itarekebisha. Ukiweza, weka na jina la siku la Kifaransa pembeni, watu wengi waliopita shuleni wanalijua, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Halafu mwisho wa karatasi andika: "Karatasi hii ni ya tarehe 9 mpaka tarehe 15. Baada ya hapo itolewe."

Kabla sijaiacha zamu, kuna msitari mmoja ambao watafsiri wanauruka kwa kuona ni mdogo: mapumziko ya kula. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Zamu ya saa nane kwa siku sita inafika saa 48. Ikiwa kila siku kuna nusu saa ya kula ambayo mfanyakazi yuko huru kweli, kazi yenyewe inabaki saa saba na nusu, na mara sita ni 45 kamili. Nusu saa hiyo ikipotea katika tafsiri, mama wa vyumba hajui kwamba ni yake, na hawezi kuidai. Anayetafsiri karatasi ya zamu ameshika haki ya mtu mkononi. Asikate msitari wowote kwa kufikiri kwamba Kiswahili kinapendeza kikiwa kifupi.

Haya, tuingie vyumbani. Karatasi ya Kifaransa ina maneno mawili ambayo kila mwenye kufanya vyumba anayasikia tangu siku ya kwanza. Chumba cha "ablani" ni kile ambacho mgeni ameondoka kabisa. Chumba cha "rekushi" ni kile ambacho mgeni bado analala usiku unaokuja. Tofauti ni kubwa. Katika cha kwanza unavua kitanda chote, unaangalia chini ya godoro na ndani ya kabati, kilichosahauliwa unakiandika na kukipeleka mapokezi. Katika cha pili unatandika, unafagia, unamwaga takataka za kapu, na vitu vya mgeni huvigusi. Nimesoma tafsiri zinazosema "chumba cheupe" kwa kile cha kwanza, kwa sababu Kifaransa kina neno la weupe ndani yake. Hakuna mtu duniani atakayejua la kufanya na chumba cheupe. Andika tu: "Mgeni ameondoka." "Mgeni anabaki." Neno la Kifaransa liache katika mabano ikiwa wafanyakazi wamelizoea, wataliona kwenye daftari la mapokezi. Ukilikosea hilo, ama mashuka masafi yanafuliwa bure katika mji ambao maji mengi yanabebwa kwa bidoni, ama shati la mgeni aliyekwenda mtoni asubuhi linapelekwa mapokezi kama kitu kilichosahauliwa.

Kisha kuna kitenzi kimoja ambacho lazima nikiseme. Katika Kiswahili chetu, kutosha ni kuondoa, kutoa kitu mahali kilipo. Tosha mashuka, kila mama wa hapa anaanza kuvua kitanda. Katika Kiswahili cha vitabu, kutosha ni kuwa na kiasi cha haja. Karatasi iliyotoka Arusha au Nairobi, na hizo zinaweza kutufikia zaidi tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, inaweza kusema: "Hakikisha taulo zinatosha chumbani." Mwenye kuiandika anataka taulo ziwepo za kutosha wageni wote. Mama wa hapa anasoma neno la kuondoa katikati ya sentensi, chumbani, taulo. Na zikiondolewa, amefuata karatasi. Andika hesabu: "Weka taulo 2 kwa kila mgeni." Tarakimu haina lahaja. Vivyo hivyo "mashuka yaliyotumika", maana huku kwetu kutumika ni kufanya kazi. Andika "mashuka machafu" na hakuna atakayeuliza.

Sasa javeli. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, hata msio na hoteli. Eneo letu la Lualaba na maziwa ya Upemba linajua kipindupindu kwa miaka mingi, na nyumba inayolaza wageni haiwezi kusafisha choo kwa kukisia. Karatasi nyingi zinasema: "Changanya moja kwa kumi." Mmoja anaelewa kikombe kimoja cha javeli na vikombe kumi vya maji. Mwingine anaelewa kikombe kimoja ndani ya kumi, yaani maji vikombe tisa. Mwingine anaelewa kizibo kimoja ndani ya bidoni ya lita kumi, na huyo maji yake hayaui chochote. Kwa javeli yenye klorini asilimia 5, dawa ya asilimia 0.5, ile ya kusafishia sehemu zilizoguswa na uchafu wa mgonjwa, inaandikwa hivi: "Javeli kikombe 1. Maji vikombe 9. Kikombe kile kile." Na lebo ya chupa isomwe kwanza, kwa sababu kuna javeli nyepesi zaidi. Ile yenye asilimia 2.5 inataka kikombe 1 na maji vikombe 4 tu. Anayetafsiri aende stoo aishike chupa yenyewe kabla ya kuandika hesabu. Ikibadilishwa aina ya javeli sokoni, karatasi nayo inabadilika.

Utaratibu nao uandikwe kwa hatua, kila hatua kitendo kimoja. Kwanza osha kwa sabuni na maji, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Halafu paka dawa. Ngoja dakika 10. Halafu suuza. Neno "ngoja" ndilo linalokufa mara nyingi katika tafsiri, kwani Kifaransa kinaliweka ndani ya jina refu na mtafsiri analipita. Bila kungoja, dawa inapakwa na kufutwa papo hapo, na choo kinanuka javeli bila kuwa salama. Dawa iliyochanganywa asubuhi imwagwe jioni, kwani inapoteza nguvu.

Na onyo la mwisho la karatasi hiyo liandikwe kwa namna ya pekee. Javeli ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumwangusha mtu. Kiswahili cha kitabu kitasema "Usichanganye". Tazama lakini kilichobeba onyo lote: silabi moja, "si", iliyojificha katikati ya neno. Ichanganye, uchanganye, usichanganye, kwa anayesoma kwa shida, chini ya taa hafifu, zinafanana mno. Mimi ningeandika neno HAPANA kwanza, kubwa, peke yake katika msitari, kisha chini yake: "Usichanganye javeli na dawa nyingine ya choo. Maji tu." Ningechora na chupa mbili zenye mkato katikati. Neno hapana linaeleweka kutoka Kamina mpaka Mombasa.

Mtauliza, kijana atajuaje kwamba tafsiri yake imefaulu? Asimwulize mwenzake aliyesoma kama Kiswahili ni kizuri, huyo atasahihisha herufi. Ampe karatasi mama mmoja wa vyumba ambaye hakuwapo walipoiandika, ampe na ndoo, javeli, kikombe na chumba kimoja. Kisha asimame mlangoni anyamaze kabisa. Asieleze, asionyeshe kwa kidole. Mahali mikono ya mama inaposimama, au anapogeuka kumtazama usoni, ndipo msitari umekosea, hata kama sarufi yake haina doa. Aandike maneno ambayo mama mwenyewe anayasema anapouliza: "Ni kutosha?", "Ni kikombe cha chai?" Maneno hayo ndiyo yanayoingia kwenye karatasi ya pili. Chumba kimoja cha jaribio kinatosha kufichua makosa mengi, na kinagharimu asubuhi moja.

Kwa karatasi ya zamu jaribio ni jingine. Wapo wafanyakazi wazuri sana wasiosoma, na karatasi yoyote kwao ni ukuta. Kwa hiyo zamu inapobadilishana, kiongozi asome msitari wa kila mtu kwa sauti, kisha asiulize "Umeelewa?", kwani sote tunajibu ndiyo kwa heshima. Amwulize: "Mama, wewe unarudi lini?" Naye ajibu kwa njia yake, kwa hesabu yake: kesho kutwa, siku ya tatu, saa nane, vyovyote anavyosema nyumbani. Hapo kiongozi anyooshe kidole kwenye tarakimu ya karatasi na kwenye saa ya ukutani, waione pamoja. Wakitofautiana, wanatofautiana mchana, wakiwa wote wawili wamesimama hapo.